Umeacha sigara, sasa suruali haifungi: kwa nini mwili huongezeka na namna ya kuuzuia bila kurudia moshi

Mwezi wa tano mwaka huu, tukiwa hewani na kipindi chetu cha asubuhi, simu ilipigwa na msikilizaji mmoja wa upande wa Urambo. Ni fundi cherehani, mwanamume wa miaka 46. Alituambia hivi: "Mdogo wangu, niliacha sigara mwezi wa pili. Kikohozi kimeisha, mke wangu anafurahi. Lakini nilikuwa na kilo 67, sasa nina 72. Wateja wananiita bosi. Jana nimenunua sigara mbili za rejareja, ziko kwenye droo ya cherehani. Nataka kujua, nikivuta moja tu kwa siku, mwili utarudi?"

Nilimjibu, "Kaka, zikae humo humo kwanza, nikuulizie." Muda wa hewani ulikuwa umebaki mdogo, na swali lake lilihitaji jibu refu. Baada ya kipindi nilizungumza na mganga wa kituo cha afya, kisha nikampigia tena fundi tukazungumza kwa kirefu. Makala hii inaeleza tulichokigundua, maana tangu siku ile watu wengine wengi wametutumia ujumbe wenye swali lile lile.

Ni kweli, wengi huongezeka

Tuanze na ukweli. Mtu anayeacha sigara mara nyingi huongezeka uzito. Watafiti waliowapima waliofanikiwa kuacha, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, waliona kwamba baada ya mwaka mmoja mtu wa kawaida alikuwa ameongezeka kilo 4 hadi 5. Sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuja ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo mwendo ulipungua.

Lakini watu hawafanani. Katika waliopimwa, karibu mmoja kati ya sita alipungua baada ya kuacha. Na karibu mmoja kati ya wanane aliongezeka zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo kilo 5 za fundi wetu ndani ya miezi mitatu si ugonjwa wala si uzembe wa ajabu. Yuko ndani ya kawaida, ila amefika hapo mapema kidogo, na ndiyo maana tulitaka kujua zimetoka wapi.

Sababu ya kwanza: nikotini ilikuwa inachoma nishati

Ndani ya tumbaku kuna kemikali iitwayo nikotini. Ndiyo inayomfanya mtu awe mtumwa wa sigara, lakini ina kazi nyingine mwilini. Huongeza mapigo ya moyo na kuusukuma mwili utumie chakula haraka kuliko kawaida, hata mtu akiwa amekaa. Pia hupunguza hamu ya kula. Wavutaji wengi wanajua jambo hili bila kuambiwa: sigara ya asubuhi huwasogeza hadi saa sita mchana bila kifungua kinywa.

Wataalamu hupima nguvu ya chakula kwa kipimo kinachoitwa kalori. Kwa mtu anayevuta sana, kama pakiti moja kwa siku, moshi humfanya achome takriban kalori 200 zaidi kila siku. Hizo ni sawa na nguvu iliyomo katika andazi moja kubwa. Siku anapoacha, mwili unarudi kwenye mwendo wake wa asili. Akiendelea kula kile kile alichokuwa anakula jana, kinabaki ziada.

Hapa watu wengi hukosea. Hufikiri mwili umeharibika kwa kuacha sigara. Ukweli ni kinyume chake: ulikuwa unakimbizwa na sumu, na sasa umeachiwa utembee. Uzito ule wa zamani, angalau sehemu yake, ulikuwa umeshikiliwa chini na moshi.

Kisha ulimi na pua hupona. Ndani ya siku chache hadi wiki chache, harufu na ladha hurudi. Fundi wetu aliniambia, "Mlenda wenye karanga ambao mke wangu ananipikia miaka yote, nimeuonja mwaka huu." Ni raha ya kweli, lakini mkono nao unarudi kwenye bakuli mara ya pili.

Sababu ya pili: mkono na mdomo vinatafuta kazi

Fundi wetu alikuwa anavuta sigara 12 kwa siku. Maana yake, mara 12 kila siku mkono wake ulikwenda mdomoni na kazi ikasimama kidogo. Alipoacha, zile nafasi 12 hazikuondoka. Zilibaki wazi, na kitu kingine kikaingia.

Nilimwomba aandike kwa siku tatu kila kitu anachokula na kunywa nje ya milo yake, kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja. Alipompa mkewe alisome, shemeji akacheka. Lilikuwa hivi.

Zamani alikunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko viwili vya sukari. Jumla vijiko vinne. Sasa alikunywa vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu. Jumla vijiko 12. Ameongeza vijiko vinane bila kujua. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari, ambazo ni kalori 16. Kwa hiyo chai peke yake ilimwongezea karibu kalori 130.

Soda alikuwa hanywi. Sasa alikunywa chupa moja kila baada ya siku moja, kwa sababu mdomo ulikuwa mkavu na alitaka kitu cha kushika. Chupa ya kawaida ya soda ina sukari inayofika vijiko vinane au tisa. Ukiigawa kwa siku mbili, ni kama kalori 70 kwa siku.

Na kulikuwa na karanga za kukaanga, ngumi moja hivi kila alasiri wakati akisubiri wateja. Karanga ni chakula kizuri, lakini zina mafuta mengi. Ngumi moja hufika kalori 150 kirahisi.

Jumlisha: 130, 70 na 150 ni kalori 350. Hizo zilitoka mkononi. Zile za nikotini kuondoka, kwake yeye ambaye hakufikia pakiti nzima, ni 200 au pungufu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kilichomnenepesha inatokana na vitu vilivyokuja kuchukua nafasi ya sigara. Hivyo ndivyo anavyoweza kuvibadilisha.

Usianze na njaa

Fundi alipoona hesabu ile, wazo lake la kwanza lilikuwa kuacha chakula cha mchana. Mganga alimkataza, na sababu yake ni muhimu.

Mtu aliyeacha sigara karibuni tayari ana vita. Kuwashwa na hasira, kukosa usingizi na hamu ya kuvuta huwa kali zaidi katika siku za mwanzo, na nyingi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu ya kula inaweza kuendelea kuwa juu kwa wiki nyingi zaidi. Njaa kali inafanana sana na hamu ya sigara: mikono hutetemeka, hasira hupanda, mawazo hayatulii. Ukijinyima chakula, mwili utadai kitu chochote cha kuutuliza, na unakijua kimoja kinachofanya kazi haraka. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri usianze kujinyima kukali wakati ule ule unaoacha kuvuta.

Kula milo yako mitatu kwa saa zake, na usiruke kifungua kinywa. Kama zamani sigara ndiyo ilikuwa kifungua kinywa chako, sasa unahitaji chakula halisi: uji usio na sukari nyingi, kiazi kitamu kilichochemshwa, au yai. Kwenye sahani ya mchana na jioni, acha ugali upungue kidogo na mboga za majani na maharage yaongezeke. Maharage hukaa tumboni muda mrefu, na mtu hashtukizwi na njaa saa kumi alasiri.

Zijaze nafasi, moja baada ya nyingine

Badala ya kujinyima, fundi alizipitia nafasi zake zile za sigara na kuamua kila moja itajazwa na nini. Alianza na zile nne zilizokuwa ngumu zaidi.

Ya kwanza ilikuwa sigara ya baada ya kula. Sasa akimaliza tu, anaondoka pale alipokaa na kupiga mswaki. Kinywa kisafi hakitaki kitu kingine kwa muda, si sigara wala kitu kitamu.

Ya pili ilikuwa sigara ya chai. Hakupunguza vikombe mara moja, alipunguza sukari: kutoka vijiko vitatu hadi viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja. Alijaribu kwanza kubadilisha sukari kwa asali, maana asali ya kwetu Tabora inasifika na watu huamini haina madhara. Asali nayo ni sukari kwa sehemu kubwa. Kijiko chake hakimpunguzii mtu uzito, kwa hiyo ihesabu kama unavyohesabu sukari.

Kuna jambo lingine kuhusu chai na kahawa ambalo wengi hawalijui. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe haraka kafeini, ile kemikali ya chai na kahawa inayochangamsha. Ukiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vile vile ulivyovizoea sasa vinaweza kukunyima usingizi na kukufanya uwe na wasiwasi, nawe ukadhani ni hamu ya sigara. Na mtu asiyelala vizuri hula zaidi kesho yake. Fundi aliacha chai ya usiku, na baada ya siku chache akaanza kulala.

Ya tatu ilikuwa sigara ya kusubiri wateja, ambayo karanga zilikuwa zimeirithi. Hapo aliweka chupa ya maji karibu na cherehani, na tango au karoti iliyokatwa vipande. Karanga hakuziacha kabisa. Sasa hununua zenye maganda, si zilizokwisha kumenywa na kukaangwa. Kumenya moja moja kunaipa mikono kazi, na ngumi moja inadumu muda mrefu.

Ya nne ilikuwa sigara ya kijiweni jioni. Hii ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu pale kuna watu wanaovuta, kuna tumbaku ya kusokota isiyouzwa kwa pesa, na mara nyingine kuna wanzuki. Pombe inanenepesha, na vilevile inalegeza msimamo: wengi waliorudia sigara walirudia wakiwa na kikombe mkononi. Kwa miezi miwili fundi hakupita kijiweni. Alipita njia nyingine kwenda nyumbani, na njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi.

Miguu inarudisha kile kilichoondoka na nikotini

Njia ile ndefu ndiyo iliyomsaidia zaidi. Fundi cherehani hukaa kutwa nzima. Mkulima anayelima kwa jembe hahitaji kuambiwa atafute mazoezi, lakini fundi, muuza duka, dereva wa bodaboda na mtumishi wa ofisini wanahitaji.

Kutoka kibandani kwake hadi nyumbani kwa njia ile mpya ni dakika 25. Alikuwa amezoea kupanda bodaboda asubuhi. Akaamua kutembea kwenda na kurudi, kwa mwendo wa mtu anayewahi basi: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Dakika 50 kwa siku za mwendo huo, kwa mtu wa kilo 70, huchoma karibu zile kalori 200 ambazo nikotini ilikuwa inazichoma. Yaani kazi ambayo sumu ilikuwa inamfanyia, sasa inafanywa na miguu yake.

Usitegemee matokeo ya haraka. Mazoezi hayazuii sana uzito katika wiki za kwanza. Faida yake huonekana zaidi kadiri miezi inavyokwenda. Lakini yana faida nyingine ya papo hapo. Hamu ya sigara inapokuja ghafla, mara nyingi hupungua baada ya dakika chache. Ukiinuka na kutembea kidogo katika dakika hizo, inapita bila wewe kuilisha sigara wala andazi.

Jojo za nikotini, ugoro na vidonge vya kupunguza mwili

Katika baadhi ya maduka makubwa ya dawa mijini kuna jojo na vibandiko vya nikotini vinavyosaidia kuacha sigara. Vinapunguza ukali wa hamu, na kwa kuwa vina nikotini kidogo, huchelewesha kuongezeka kwa uzito. Tumesema huchelewesha: ukiviacha, sehemu ya uzito huo inaweza kuja baadaye. Hata hivyo kuchelewa kuna faida, maana unapambana kwanza na sigara, kisha na mwili. Uliza mtaalamu wa dawa kabla ya kutumia, hasa kama una mimba au una ugonjwa wa moyo.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna si dawa ya kuacha sigara. Ni tumbaku ile ile kwa mlango mwingine, na huleta saratani ya kinywa. Na vidonge au chai za kupunguza mwili zinazouzwa mnadani na kwenye simu ziache kabisa. Nyingine zinaharisha tu: unapoteza maji, mizani inashuka leo na kupanda keshokutwa.

Jipime, na ujue wakati wa kwenda zahanati

Usijipime kila siku, maana uzito hupanda na kushuka kwa maji na chakula. Mara moja kila wiki mbili inatosha, kwenye mizani ile ile, asubuhi, ukiwa na nguo nyepesi. Kama mizani iko mbali, tumia futi ya fundi. Ipitishe tumboni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, bila kubana tumbo. Kwa mwanamume, kiuno kikizidi sentimeta 94, na kwa mwanamke kikizidi sentimeta 80, hatari ya kisukari na presha huanza kupanda. Hapo ndipo pa kuongeza bidii.

Yapo mambo ambayo hayatokani na kuacha sigara na hayafai kusubiri. Ukivimba miguu au kuishiwa pumzi, nenda zahanati. Ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi, kapime sukari. Na kama umeacha sigara lakini unapungua uzito bila sababu na kikohozi kimezidi wiki mbili, kapime kifua kikuu. Kama unatumia dawa za kisukari, za pumu au za magonjwa ya akili, mwambie daktari kwamba umeacha kuvuta, kwa sababu kipimo cha baadhi ya dawa hizo huhitaji kurekebishwa.

Kwa hiyo, moja kwa siku?

Turudi kwenye zile sigara mbili za kwenye droo. Sigara moja kwa siku haiwezi kumrudishia mtu kilo 67. Kazi yake itakuwa kuamsha hamu, na aliyevuta 12 kwa miaka 22 hakai kwenye moja kwa muda mrefu.

Na hata kama mizani ingeshuka, angekuwa amefanya biashara mbaya. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua kwa karibu nusu. Wapo walioongezeka kilo nyingi na ambao katika miaka ya mwanzo hatari yao ya kisukari ilipanda kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuuzuia uzito. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka mingi, hata hao walikufa kwa uchache kuliko walioendelea kuvuta. Kilo tano zinabebeka, na zinaweza kupunguzwa taratibu. Pafu lililokwisha kuharibika halirudishwi kwa kutembea.

Nilimpigia fundi mwezi wa nane. Mizani ya zahanati ilisoma kilo 70. Hajarudi kwenye 67, na mganga amemwambia huenda asirudi, wala hana haja, maana kiuno chake kiko sentimeta 90. Nikamuuliza kuhusu zile sigara. Akaniambia, "Shemeji yako alizitumbukiza chooni siku ile ile uliyonipigia, mdogo wangu. Na suruali nimeachia mishono inchi moja kila upande. Mimi ni fundi, kitambaa kilikuwepo."